Nilipiga hesabu ya deni kabla ya kwenda benki, nikapata majibu matatu

Najua nimepotea kwa muda. Mara ya mwisho niliahidi kuendelea na mambo ya hifadhidata, lakini leo nitaiweka kando kidogo, maana kuna hesabu moja iliyonisumbua mwaka jana na naona kuna wengi humu ambao itawasaidia. Ni hesabu ya kujua kama mshahara wako unaweza kubeba mkopo, kabla hujamwona afisa wa mikopo.

Nianze na kisa chenyewe. Mama yangu anaishi Wundanyi, kule milimani Taita. Nyumba yake ina mabati ya tangu nikiwa shule ya msingi, na mvua ikinyesha tunahamisha vitanda. Mwezi wa Juni 2025 niliamua yatosha. Fundi alipiga hesabu ya paa jipya, dari, mifereji na tangi kubwa la maji, akasema shilingi 600,000. Sikuwa nazo, kwa hivyo nikaamua kukopa.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuandika programu, nilisema nitaanza na hesabu. Nikatafuta kwenye mtandao jinsi wakopeshaji wanavyopima mtu, nikakutana na kitu kinachoitwa uwiano wa deni kwa mapato. Kanuni yake ni rahisi sana. Unajumlisha malipo yote ya madeni unayolipa kwa mwezi, unagawanya kwa mapato yako ya mwezi kabla ya makato, halafu unazidisha kwa 100. Ukilipa madeni ya 30,000 na mshahara wako wa jumla ni 100,000, uwiano wako ni asilimia 30.

Tahadhari moja hapa. Kodi ya nyumba ya kupanga, chakula na nauli si deni, kwa hivyo haviingii katika hesabu hii. Akiba ya Sacco pia si deni, hata kama inakatwa kwenye mshahara. Kinachoingia ni malipo ya mwezi ya kila mkopo. Hapo salio la mkopo halina kazi, kinachohesabiwa ni kile unacholipa kila mwezi.

Tatizo la kwanza lilikuwa hili: kurasa nyingi nilizosoma zilisema uwiano mzuri ni chini ya asilimia 36, na mwisho kabisa ni 43. Nikafurahi, nikijua sasa nina kikomo. Baadaye nikagundua kwamba namba hizo ni za Marekani na zinahusu hasa mikopo ya kununua nyumba. Ile 43 ilikuwa kwenye kanuni za mikopo ya nyumba kule kuanzia 2014, na baadaye wenyewe wakaiondoa na kuweka kipimo cha bei ya mkopo. Kwetu Kenya mkopeshaji wa mtu aliyeajiriwa anaanza na swali tofauti kabisa.

Swali lenyewe linatoka kwenye Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19. Kinasema kwamba makato yote ambayo mwajiri anakata kwenye mshahara wa mfanyakazi yasizidi theluthi mbili za mshahara huo. Kwa lugha ya mtaani, lazima ubakiwe na theluthi moja. Ndiyo maana ukienda kuomba mkopo unaolipwa moja kwa moja kutoka kwa mshahara, jambo la kwanza afisa anafanya ni kuchukua hati yako ya mshahara na kutafuta theluthi. Wengi huipima kwa mshahara wa msingi, yaani bila marupurupu ya nyumba na mengineyo. Ni vizuri uulize idara ya mishahara ya kwenu wanaipimaje, maana kipimo hicho kinabadilisha jibu, kama utakavyoona.

Haya, sasa twende kwenye hati yangu ya Juni 2025. Nimesawazisha namba kidogo ili zisomeke, lakini sura yake ni ile ile.

Mshahara wa msingi ulikuwa 75,000 na marupurupu ya nyumba 15,000, jumla 90,000. Makato ya kisheria yalikuwa NSSF 4,320, SHIF 2,475 ambayo ni asilimia 2.75, ushuru wa nyumba 1,350 ambao ni asilimia 1.5, na PAYE 16,940. Jumla ya hayo ni 25,085. Kwa hivyo kama singekuwa na deni lolote, ningebeba nyumbani 64,915. Hiyo ndiyo nitaita pesa ya mkononi.

Baada ya hapo kulikuwa na makato yangu mwenyewe: HELB 4,200, mkopo wa Sacco 11,300 na akiba ya Sacco 5,000. Hati ilisema kwamba ninabaki na 44,415.

Afisa wa mikopo alikuwa mtu mpole. Alichukua kikokotoo, akagawa 75,000 kwa tatu, akapata 25,000. Akatoa 25,000 kwenye 44,415, akapata 19,415. Akaniambia, "Ndugu yangu, nafasi yako ni 19,415 kwa mwezi. Lipo lililo chini ya hapo tunaweza kulizungumza."

Nilikuwa nimeomba 600,000 kwa miezi 36. Riba ilikuwa asilimia 16 kwa mwaka kwa salio linalopungua, na malipo yalikuja 21,094 kwa mwezi. Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, fungua lahajedwali yoyote kisha uandike hivi:

```
=PMT(0.16/12, 36, -600000)
```

Basi nilikuwa nimezidi nafasi yangu kwa 1,679. Nilidhani mambo yameishia hapo. Afisa akatabasamu, akasema tuongeze muda uwe miezi 48. Badilisha 36 kuwa 48 kwenye ile kanuni na utapata 17,004. Theluthi ikatosha na hata ikabaki 2,411 juu yake. Akaniuliza kama nilete barua ya mwajiri wiki hiyo hiyo.

Hebu tusimame hapa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wananaswa. Muda ukiongezwa, malipo ya mwezi yanashuka na uwiano unaonekana mzuri zaidi, lakini deni limekuwa ghali zaidi. Kwa miezi 36 ningelipa jumla ya takriban 759,000. Kwa miezi 48 ningelipa takriban 816,000. Karibu shilingi 57,000 zaidi, ili tu namba moja kwenye fomu ikae vizuri. Uwiano wa deni hauoni muda wa mkopo hata kidogo. Kwa hivyo ukiona mkopo umekubaliwa baada ya kurefushwa, ujue uwezo wako ni ule ule wa mwanzo.

Nilimwomba afisa anipe siku mbili. Nilikuwa na wasiwasi ambao sikuweza kuueleza, kwa sababu namba zake zote zilikuwa sahihi. Jioni nikakaa na kompyuta, nikaandika kila shilingi ninayolipa kwa mtu yeyote. Hapo ndipo ukweli ulitokea. Hati ya mshahara haikuwa na madeni yangu yote.

Nilikuwa na simu niliyoichukua kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo, shilingi 100 kila siku. Shilingi 100 haisikiki, lakini kwa mwezi ni 3,000. Tena nilikuwa na deni kwenye programu moja ya mikopo ya simu, ambalo nilikuwa nalipa 5,000 kila mwezi. Haya mawili hayapitii kwa mwajiri, kwa hivyo kifungu cha 19 hakiyahesabu. Mkopeshaji anaweza kuyaona akiomba ripoti yako ya CRB, kama waliokukopesha wanapeleka taarifa huko. Lakini hata asipoyaona, wewe unayaona kila siku.

Nikaandika kodi fupi ya Python, mistari michache tu. Unaweza kuinakili na kubadilisha namba ziwe zako:

```python
msingi = 75000
jumla = 90000
sheria = 25085             # PAYE, NSSF, SHIF, nyumba
akiba = 5000
ndani = 4200 + 11300       # HELB, Sacco
nje = 3000 + 5000          # simu, programu
mpya = 17004

mkononi = jumla - sheria
hati = mkononi - akiba - ndani - mpya
madeni = ndani + nje + mpya

print("Theluthi:", hati >= msingi / 3)
print("Hati tu:", round((ndani + mpya) / jumla * 100, 1))
print("Yote kwa jumla:", round(madeni / jumla * 100, 1))
print("Yote kwa mkononi:", round(madeni / mkononi * 100, 1))
```

Majibu yalikuwa haya:

```
Theluthi: True
Hati tu: 36.1
Yote kwa jumla: 45.0
Yote kwa mkononi: 62.4
```

Mtu ni yule yule, mwezi ni ule ule, mkopo ni ule ule. Kwa kipimo cha theluthi nimepita. Kwa madeni yanayoonekana kwenye hati niko asilimia 36, namba ambayo kurasa za Wamarekani zingesema si mbaya. Nikiongeza madeni yaliyojificha nafika 45. Na nikigawanya kwa pesa ninayoishika kweli, ni asilimia 62. Yaani katika kila shilingi 100 inayofika mkononi, 62 zina mwenyewe tayari.

Ukitaka kuhisi uzito wa 62, fuata pesa hadi mwisho wa mwezi. Mkononi 64,915. Toa madeni yote 40,504, inabaki 24,411. Toa akiba ya Sacco 5,000, inabaki 19,411. Toa kodi ya nyumba yangu hapa Nairobi 16,000, inabaki 3,411. Hiyo ndiyo ya chakula, matatu, stima na maji kwa siku thelathini. Nauli peke yake inaimaliza kabla ya tarehe 15. Na mtu aliyeishiwa tarehe 15 anafanya nini? Anafungua ile programu ya mikopo tena. Kwa hivyo mkopo wa paa ungezaa mkopo mwingine kila mwezi, kwa miaka minne.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho nataka ukibebe kutoka ukurasa huu. Theluthi iliwekwa ili mwajiri asikukate hadi ukaondoka kazini mikono mitupu. Ni sakafu tu. Haijui kodi yako ya nyumba, haijui madeni ya simu, haijui kama una watoto au wazazi. Mkopeshaji anapokwambia umefaulu theluthi, anajibu swali lake: je, pesa yangu itakatwa na kunifikia? Swali la kama wewe utakula linabaki kuwa lako.

Nikirudi kwenye lile suala la kipimo: kama idara ya mishahara ingepima theluthi kwa mshahara wa jumla wa 90,000, ningetakiwa kubakiwa na 30,000. Nafasi yangu ingekuwa 14,415, na hata ule mkopo wa miezi 48 ungekataliwa. Umeona? Neno moja kwenye utaratibu wa ofisi linageuza "ndiyo" kuwa "hapana".

Kuna jambo lingine ambalo mimi kama mtu wa programu ningeliita hitilafu ya kanuni yenyewe. Uwiano unaopimwa kwa mshahara wa jumla hausikii makato ya serikali yakibadilika. Mfikirie mtu wa mshahara kama wangu aliyekopa 2022 kwa miaka mitano akajaza theluthi hadi ukingoni. Wakati huo NSSF ilikuwa shilingi 200 tu kwa wengi. Februari 2023 michango mipya ikaanza na imekuwa ikipanda hatua kwa hatua, hadi ikafika ile 4,320 ya hati yangu. Ushuru wa nyumba ulikuja 2023, ukasimamishwa na mahakama, ukarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Oktoba 2024 SHIF ikachukua nafasi ya NHIF, ambayo haikuwahi kuzidi 1,700 kwa mwezi, lakini SHIF haina kikomo cha juu. Mshahara wa jumla wa mtu huyo haujashuka, mkopo haujabadilika, uwiano wake kwenye karatasi ni ule ule, lakini pesa ya mkononi imepungua kwa maelfu. Kwa hivyo mimi sasa napima kwa mkononi, na naacha nafasi. Sijazi hadi ukingoni.

Nafasi kiasi gani? Afisa yule yule nilipomrudia na kumwonyesha hesabu yangu, hakukasirika. Aliniambia kwamba wao ndani ya ofisi, hata theluthi ikipita, mtu ambaye malipo yake ya madeni yanazidi nusu ya pesa ya mkononi wanamwangalia mara mbili, hasa kama mshahara haupiti kwao. Kila mkopeshaji ana kikomo chake, na ni haki yako kuuliza kabla ya kujaza fomu. Mimi nimejiwekea asilimia 40 ya mkononi. Si sheria ya mtu yeyote, nimeipata kwa kuhesabu kodi ya nyumba, chakula, nauli na ile ninayotuma nyumbani, nikaangalia kilichobaki.

Na ninyi mnaofanya kazi za kujitegemea za kutengeneza tovuti na programu, theluthi haiwahusu kwa sababu hamna mwajiri wa kukata. Mkopeshaji ataomba taarifa za benki na za M-Pesa za miezi kadhaa na kutafuta kiasi kinachoingia kwa wastani. Shida ya wastani ni kwamba mwezi mmoja mteja analipa 200,000 na miezi miwili hakuna kitu. Gawanya malipo ya madeni yako kwa mwezi wako mbaya, si kwa wastani. Ukiona namba inazidi 100, ujue mwezi huo utalipa mkopo kwa mkopo. Mimi pia nina kazi ndogo za pembeni, lakini sikuziingiza kwenye hesabu hii hata moja.

Sasa paa liliishaje? Nilimpigia mama simu. Hiyo ndiyo simu niliyoiogopa, maana nilikuwa nimeshamwambia mafundi wanakuja Julai. Nikamweleza kwamba nikichukua pesa yote sasa nitashindwa. Alinyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, mabati haya yamengoja miaka ishirini. Yatangoja miezi minne. Usilale njaa Nairobi kwa sababu ya nyumba yangu."

Basi nikafanya hivi. Nikamaliza kwanza deni la ile programu, ambalo lilikuwa limebaki miezi miwili. Ile 5,000 iliyoachiliwa nikaielekeza kwenye simu, nayo ikaisha kabla ya Oktoba. Nikamwambia fundi atenganishe kazi: paa na mifereji kwanza, dari na tangi baadaye. Paa peke yake lilikuwa 250,000. Oktoba 2025 nikarudi kwa afisa na ombi la 250,000 kwa miezi 36, malipo 8,789.

Hesabu mpya ilikuwa hivi. Madeni yote: HELB 4,200, Sacco 11,300 na mkopo mpya 8,789, jumla 24,289. Kwa mshahara wa jumla ni asilimia 27. Kwa mkononi ni asilimia 37.4. Baada ya akiba na kodi ya nyumba nabaki na 19,626 badala ya 3,411. Si pesa ya kutamba, lakini mtu anakula, anapanda matatu, na anamtumia mama kitu.

Sitaki kuwadanganya kwamba kungoja hakukuwa na gharama. Pesa ilitoka mwisho wa Oktoba, na mafundi walipopanda juu mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Kwa wiki nzima mama alilala chumba kimoja na mbuzi wawili na mabeseni manne sakafuni. Tangi bado hatujanunua, na kila nikienda ananionyesha mahali litakapokaa, hasemi kitu, ananionyesha tu. Lakini mabati yako juu, na tangu Oktoba sijaifungua ile programu ya mikopo hata mara moja.

Kabla hujaenda benki, kaa chini na hati yako ya mshahara na taarifa yako ya M-Pesa ya miezi mitatu. Tafuta madeni ambayo hati haiyajui. Piga theluthi, kwa sababu mkopeshaji ataipiga. Halafu piga ile ya mkononi, kwa sababu hiyo hakuna atakayekupigia.

Haya, kwa leo ni hayo. Kama kodi hiyo ya Python inakukataa au idara ya mishahara ya kwenu inapima theluthi kwa njia nyingine, niandikie hapo chini tuelimishane. Wiki ijayo, Mungu akipenda, narudi kwenye hifadhidata.